Namba 24 za kituo: namna ya kupata herufi za tabianchi kutoka savana hadi barafu ya kudumu

Ramani nyingi za tabianchi zinazochapishwa vitabuni hutumia mfumo wa Wladimir Köppen, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1884, ukarekebishwa na yeye mwenyewe kwa miongo kadhaa, kisha ukaendelezwa na Rudolf Geiger. Msomaji anakutana na herufi kama Aw, BSh au Cwb na kudhani zimetokana na vipimo vingi na mahesabu mazito. Ukweli ni kwamba unahitaji namba 24 tu: joto la wastani la kila mwezi na mvua ya kila mwezi. Kinachowakwaza watu ni mpangilio wa maswali. Ukiuliza swali la pili kabla ya la kwanza, namba zilezile zitakupa jibu lisilo sahihi, na jibu hilo litaonekana la maana kabisa.

Hapa tutachukua kituo kimoja cha mfano kilichoko kwenye Kizio cha Kaskazini, chini ya mlima, tukipe herufi zake, kisha tupande nacho mlima hadi kwenye barafu.

Kwanza, namba zenyewe

Joto linalotakiwa ni wastani wa mwezi mzima, usiku na mchana. Vituo vingi huupata kwa kujumlisha joto la juu kabisa na la chini kabisa la kila siku, kugawanya kwa mbili, kisha kutafuta wastani wa siku zote za mwezi. Kosa la kawaida ni kuchukua safu ya joto la juu la mchana kwa sababu ndiyo inayoonekana kwanza kwenye jedwali. Hilo linaweza kupandisha kila mwezi kwa nyuzi tano au zaidi, na mahali pa baridi pakajikuta kwenye tropiki.

Mvua ni jumla ya mwezi kwa milimita. Theluji nayo inahesabiwa, lakini baada ya kuyeyushwa na kupimwa kama maji, si kwa kina chake ardhini. Mwezi ambao kipimo hakikuchukuliwa usiandikwe sifuri. Sifuri maana yake hapakunyesha.

Namba hizi ziwe wastani wa miaka 30. Kipindi cha kawaida kinachotumika sasa ni 1991 hadi 2020. Ukitumia mwaka mmoja unapata hali ya mwaka huo, na maeneo ya mpakani hubadilisha herufi karibu kila mwaka.

Kituo chetu kina namba hizi:

| Mwezi | Joto (°C) | Mvua (mm) |
|---|---|---|
| Januari | 22 | 0 |
| Februari | 24 | 0 |
| Machi | 28 | 2 |
| Aprili | 31 | 13 |
| Mei | 31 | 55 |
| Juni | 29 | 110 |
| Julai | 27 | 185 |
| Agosti | 26 | 230 |
| Septemba | 27 | 120 |
| Oktoba | 28 | 25 |
| Novemba | 27 | 0 |
| Desemba | 24 | 0 |

Joto la mwaka ni wastani wa nyuzi 27, na mvua ya mwaka ni milimita 740. Kabla ya kuendelea, kisia: hii ni savana au siyo? Kuna masika makubwa, kuna kiangazi kirefu, hakuna mwezi wa baridi. Wengi watasema savana bila kusita.

Swali la kwanza: je, mwezi wa joto zaidi unafika nyuzi 10?

Usipofika, mahali hapo ni kundi E, kundi la ncha za dunia na vilele vya milima, na mvua haiulizwi tena. Nyuzi 10 hazikuchaguliwa ovyo. Köppen alikuwa amesomea mimea, na mipaka yake mingi aliifuatisha na mimea inavyobadilika; mstari wa nyuzi 10 kwa mwezi wa joto zaidi unakaribiana na mahali ambapo miti inakoma kuota. Kwenye kituo chetu Aprili na Mei zina nyuzi 31, kwa hiyo tunavuka bila shida.

Swali la pili: je, mvua inatosha kwa joto lililopo?

Hapa ndipo wengi wanaruka, na hapa ndipo inabidi kukaa. Kundi B, la jangwa na nusu jangwa, halina kiwango kimoja cha mvua. Milimita 400 kwenye nchi ya baridi zinaweza kulisha msitu, ilhali milimita 400 hizohizo kwenye joto la nyuzi 27 zinakauka kabla mizizi haijafaidi. Kwa hiyo kila mahali panatengenezewa kizingiti chake kutokana na joto lake la mwaka. Tukiita joto hilo T na kizingiti K, kwa milimita:

```
K = 20 × T + 280   (70% ya mvua au zaidi inanyesha nusu ya joto)
K = 20 × T + 140   (mvua imegawanyika)
K = 20 × T         (70% ya mvua au zaidi inanyesha nusu ya baridi)
```

Kwa nini kuongeza 280 pale mvua inaponyesha wakati wa joto? Kwa sababu mvua ya majira ya joto hupotea hewani haraka kuliko ya majira ya baridi, hivyo inatakiwa iwe nyingi zaidi ili ilingane nayo kwa faida. Mvua ya wakati wa baridi hukaa ardhini, na kizingiti chake kikawa chini.

Nusu ya joto na nusu ya baridi ni miezi sita sita: Aprili hadi Septemba, na Oktoba hadi Machi. Kwenye Kizio cha Kaskazini nusu ya joto ni ile ya Aprili, kwenye Kizio cha Kusini ni ile ya Oktoba. Karibu na ikweta, ambako tofauti ni ndogo, jumlisha joto la miezi sita ya kila upande uone ipi imezidi, usikisie. Kwetu, Aprili hadi Septemba ni jumla ya 171, na nusu nyingine ni 153. Mvua ya nusu ya joto ni milimita 713 kati ya 740, yaani zaidi ya 96%. Tunatumia mstari wa kwanza:

```
K = 20 × 27 + 280 = 820
```

Milimita 740 hazifiki 820. Kituo hiki si savana, ni kundi B.

Ndani ya B unagawanya kizingiti kwa mbili. Mvua ikiwa chini ya nusu yake, ni jangwa, BW; ikiwa kati ya nusu na kizingiti chenyewe, ni nusu jangwa lenye nyasi, BS. Nusu ya 820 ni 410, na sisi tuna 740, kwa hiyo ni BS. Herufi ya tatu inatokana na joto la mwaka: nyuzi 18 au zaidi ni h, chini yake ni k. Jibu la kituo chetu ni BSh, nusu jangwa la joto.

Angalia ni kitu gani kilichoamua. Kama mvua hizo hizo 740 zingenyesha nusu ya baridi, kizingiti kingekuwa 540 na kituo kingeondoka B kabisa. Wingi wa mvua haukubadilika hata tone moja. Kilichobadilika ni majira yake tu.

Vitabu vya zamani vinaandika kanuni hii kwa sentimita, 2 × T + 28. Mtu akichukua kanuni ya sentimita na kuingiza mvua ya milimita, dunia nzima inakuwa na maji tele na hata majangwa yanatoweka. Ukiona hesabu yako haitoi B popote, anza kukagua hapo.

Swali la tatu: je, mwezi wa baridi zaidi haushuki chini ya nyuzi 18?

Swali hili linaulizwa kwa vituo vilivyovuka kizingiti tu. Jibu likiwa ndiyo, ni kundi A, la tropiki. Tuseme kituo chetu kingepata milimita 100 zaidi mwezi Agosti, jumla 840. Sasa kinavuka 820, mwezi wa baridi zaidi una nyuzi 22, kwa hiyo ni A. Kilichobaki ni kuangalia mwezi mkavu kuliko yote. Ukiwa na milimita 60 au zaidi, ni Af, tropiki ya mvua mwaka mzima. Ukiwa chini ya 60, unatafuta namba hii, ambapo P ni mvua ya mwaka:

```
100 − P / 25
```

Mwezi mkavu ukifikia namba hiyo, ni Am, tropiki ya monsuni: kuna kiangazi, lakini masika ni mazito kiasi kwamba ardhi inabaki na unyevu wa kuvusha msitu. Ukiwa chini yake, ni Aw, savana. Kwetu 100 − 840/25 ni 66.4, mwezi mkavu una sifuri, hivyo ni Aw. Savana yetu imepatikana, lakini kwa milimita 20 tu juu ya kizingiti.

Pengo dogo kama hilo liandikwe pamoja na herufi. Joto la mwaka likipanda kwa zaidi ya nyuzi moja, kizingiti kinapanda kwa zaidi ya milimita 20, na savana hii inarudi kuwa nusu jangwa hata kama mvua haijapungua. Anayesoma "Aw" peke yake hatajua hilo.

Kupanda mlima

Rudi kwenye kituo cha kwanza, chenye milimita 740. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwenye mlima halisi mvua nayo hubadilika na kimo, mara nyingi huongezeka kwanza kisha ikapungua, lakini hapa tutaiacha ilivyo ili joto lionekane linafanya nini likiwa peke yake.

Kwenye kimo cha karibu mita 615 joto limeshuka kwa nyuzi 4. Wastani wa mwaka ni 23, kizingiti kimekuwa 20 × 23 + 280, yaani 740 kamili: hapo ndipo ukavu unapoisha. Lakini mwezi wa baridi zaidi nao umefika 18, ambao ndio mpaka wa tropiki. Mlima huu unaruka kutoka nusu jangwa kwenda kundi C bila kupitia savana. Nani angeliona hilo kwa kutazama namba tu?

Mita 2,000 juu ya kituo, toa nyuzi 13 kila mwezi. Mwezi wa baridi zaidi ni 9, wa joto zaidi ni 18, mwaka ni 14. Kizingiti ni 560, na mvua 740 imekivuka vizuri. Mwezi wa baridi uko chini ya 18 lakini juu ya sifuri, kwa hiyo ni C, tabianchi ya wastani.

Herufi ya pili ya C inauliza kiangazi kinaangukia lini. Kama mwezi mkavu zaidi wa nusu ya baridi una chini ya sehemu moja ya kumi ya mwezi wa mvua nyingi zaidi wa nusu ya joto, ni w. Kwetu wa kwanza una sifuri na wa pili una 230. Sehemu yake ya kumi ni 23, kwa hiyo ni w. Kinyume chake ni s, kiangazi cha wakati wa joto kama kile cha nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania: mwezi mkavu zaidi wa nusu ya joto uwe chini ya milimita 40, na pia chini ya theluthi ya mwezi wa mvua nyingi zaidi wa nusu ya baridi. Masharti yote mawili yatimie. Aprili yetu ina milimita 13, sharti la kwanza limetimia, lakini theluthi ya Oktoba ni 8.3 tu, kwa hiyo s inaanguka. Pasipo w wala s, ni f, yaani hakuna majira makavu.

Hapa wanaotumia Kizio cha Kusini hukosea sana. Wakisahau kugeuza nusu za mwaka, w inakuwa s na s inakuwa w. Ramani inayoonyesha tabianchi ya Mediterania mahali ambapo watu wanalima kwa masika ya wakati wa joto imetengenezwa na mtu aliyesahau kugeuza.

Herufi ya tatu inapima majira ya joto. Mwezi wa joto zaidi ukifika nyuzi 22 ni a. Usipofika, hesabu miezi yenye nyuzi 10 au zaidi: minne au zaidi ni b, mmoja hadi mitatu ni c. Kwenye mita 2,000 miezi 11 imefika 10, Januari peke yake imebaki nyuma. Jibu ni Cwb, nyanda za juu za kupendeza ambazo watu huziita "hali ya hewa ya milimani".

Mita 3,000, toa nyuzi 19.5. Mwezi wa baridi zaidi una 2.5, wa joto zaidi una 11.5, na ni Aprili na Mei tu zinazofika 10. Ni Cwc, aina adimu inayopatikana karibu na ukingo wa juu wa miti.

Kundi D limekwenda wapi?

Ukifuata orodha ya herufi utategemea D baada ya C. Kundi D ni la mahali ambapo mwezi wa joto zaidi unafika 10 lakini wa baridi zaidi unashuka hadi sifuri au chini (Köppen mwenyewe aliweka mpaka kwenye nyuzi 3 chini ya sifuri, na bado kuna ramani zinazoutumia, tazama maelezo ya ramani yako kabla ya kulinganisha). Mlima wetu haufiki D kamwe. Kwenye mita 3,230 hivi mwezi wa joto zaidi unashuka chini ya 10, tukaingia E. Mwezi wa baridi zaidi unagusa sifuri kwenye mita 3,385, yaani tumeshachelewa.

Sababu iko kwenye jedwali la mwanzo. Tofauti kati ya mwezi wa joto zaidi na wa baridi zaidi ni nyuzi 9, na kupanda mlima hakubadilishi tofauti hiyo katika hesabu yetu. Kunaishusha yote pamoja. D inadai tofauti isiyopungua nyuzi 10, na mara nyingi iko juu zaidi ya hapo. Tofauti ya aina hiyo inatoka kwenye mabara mapana yaliyo mbali na ikweta, ambako ardhi inapoa upesi wakati wa baridi na kupata joto upesi wakati wa joto. Ndiyo maana D imejaa Urusi, Kanada na kaskazini mwa China, na karibu haipo Kizio cha Kusini, ambako kwenye latitudo hizo ni bahari.

Verkhoyansk, huko Siberia, ni mfano wa D uliokithiri. Januari yake ina wastani wa chini ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na Julai yake inapita nyuzi 15. Mvua na theluji ya mwaka mzima haifiki milimita 200, kiasi ambacho kwenye joto la kituo chetu kingekuwa jangwa bila ubishi. Lakini wastani wa mwaka ni takribani nyuzi 14 chini ya sifuri, na sehemu kubwa ya maji hayo huanguka nusu ya joto. Fanya hesabu: 20 × (−14) + 280 ni sifuri. Kizingiti kimetoweka, hakuna mvua ndogo kiasi cha kupaita pakavu, na miti inaota. Herufi zake ni Dfd. Ile d ya mwisho inatumika pale mwezi wa baridi zaidi unaposhuka chini ya nyuzi 38 chini ya sifuri. Kizingiti kikitoka sifuri au hasi usidhani umekosea hesabu. Maana yake ni kwamba jibu la swali la pili ni "si pakavu", na unaendelea.

Kutoka tundra hadi barafu

Mita 4,000 juu ya kituo chetu, toa nyuzi 26. Aprili na Mei zina nyuzi 5, Januari ina nyuzi 4 chini ya sifuri. Hakuna mwezi unaofika 10, lakini kuna inayopita sifuri, kwa hiyo ni ET, tundra: theluji inayeyuka kwa sehemu ya mwaka, kuvumwani, nyasi fupi na mimea ya kutambaa inapata nafasi, miti haipati.

ET inaunganisha mahali pasipofanana. Kwenye mlima wa tropiki mwezi mmoja haupishani sana na mwingine, na baridi kali inakuja usiku karibu mwaka mzima. Kwenye pwani ya Bahari ya Aktiki jua linapotea kwa wiki kadhaa kisha linakaa bila kuzama. Wastani wa mwezi unafuta tofauti hiyo yote. Kwa hiyo ukiandika ET ya mlimani, ongeza kimo cha mahali, la sivyo msomaji atawaza dubu weupe.

Kwenye mita 4,770 hivi, hata Aprili na Mei hazipiti sifuri. Ni EF, barafu ya kudumu, na hakuna herufi ya tatu. Hakuna pia hesabu ya mvua. Ndani ya Antaktika, kituo cha Vostok, kilichorekodi nyuzi 89.2 chini ya sifuri tarehe 21 Julai 1983, hupata theluji kidogo sana hata majangwa mengi ya mchanga yanakizidi kwa maji, lakini ramani haitakiandika BW. Swali la kwanza lilishajibiwa pale mwezi wake wa joto zaidi ulipobaki chini ya sifuri, na maswali mengine hayakufika.